Bajeti ya kampeni na bajeti ya seti: kwa nini fedha hukimbilia seti iliyo ghali?

"Nimeweka bajeti moja kwenye kampeni nzima. Mbona karibu fedha zote zimekwenda kwenye seti ya matangazo ambayo kila mauzo yanagharimu mara mbili ya ile nyingine?"

Kwa sababu ripoti inakuonyesha wastani, lakini mfumo unapogawa fedha hauangalii wastani. Unajiuliza mnunuzi anayefuata atapatikana kwa bei gani, na katika seti gani.

Kwenye Facebook na Instagram, kampeni hubeba lengo, na chini yake seti za matangazo hubeba walengwa, mahali na ratiba. Bajeti ikiwekwa kwenye seti, kila seti ina mfuko wake na itajaribu kuumaliza, soko liwe zuri au baya. Ikiwekwa kwenye kampeni, mfuko ni mmoja, na mfumo huchota humo siku nzima kufuata nafasi unazoziona kwenye mnada wa matangazo. TikTok nayo ina njia hizi mbili.

Tuseme una uniti 96 za fedha kwa siku na seti mbili. Ya kwanza inalenga watu waliokwisha kutembelea tovuti yako. Ni wachache, lakini wako tayari: wanunuzi 10 wa mwanzo wanapatikana kwa uniti 2 kila mmoja. Hao wakiisha, tangazo linaanza kuwarudia watu walewale, na kila mnunuzi wa ziada anagharimu uniti 7. Seti ya pili inalenga umma mpana, na humo mnunuzi anagharimu uniti 4, wa kwanza kama wa ishirini.

Ukigawa nusu kwa nusu, kila seti inapata 48. Ya kwanza inatumia 20 kwa wale 10 rahisi, kisha 28 kwa wanne wa ziada: jumla 14. Ya pili inaleta 12. Umepata wanunuzi 26.

Bajeti ikiwa ya kampeni, na mfumo ukikadiria sawasawa, seti ya kwanza itapewa 20 na kuleta 10, kisha 76 zilizobaki zitahamia kwenye ya pili na kuleta 19. Jumla 29. Sasa tazama ripoti: seti ya uniti 2 imepewa fedha kidogo, ya uniti 4 imepewa karibu zote. Hapa ndipo nimeona watu wengi wakizima ile "ghali" kwa hasira, na siku chache baadaye gharama za ile "rahisi" zinapanda.

Bei ya mnunuzi wa ziada unaweza kuikadiria mwenyewe. Seti ilipotumia 20 ilileta 10, ilipotumia 48 ikaleta 14. Nyongeza ya 28 imezaa wanne, yaani uniti 7 kila mmoja, ingawa wastani bado unasomeka takriban 3.4, chini ya ile nyingine. Linganisha siku kadhaa kabla na siku kadhaa baada ya kubadilisha bajeti, maana siku moja hudanganya.

Mfumo nao hukosea, hasa mapema. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, inasema seti huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku 7 baada ya badiliko kubwa la mwisho ili kumaliza hatua ya kujifunza, yaani kipindi ambacho mfumo bado unapima nani wa kumwonyesha tangazo. Zile uniti 96 ukizigawa kwenye seti nane, kila moja inapata 12. Kwa bei ya 4 ni wanunuzi watatu kwa siku, 21 kwa wiki. Hakuna seti itakayofika, na utaona maneno `Learning limited`. Bajeti ya kampeni husaidia hapo, kwa kuwa fedha hukusanyika kwenye seti chache. Lakini zinaweza kukusanyika kwa seti iliyobahatisha mauzo mawili asubuhi ya kwanza, huku nyingine zikiachwa kabla hazijapimwa.

Ndiyo maana ninapotaka kujua kama walengwa fulani wanafaa, natumia bajeti ya seti. Jaribio ambalo upande mmoja haukupewa fedha halijapima kitu. Hali ni hiyo hiyo kwa seti mpya iliyotiwa kwenye kampeni ya zamani: zile zenye historia huiacha na njaa, na mtu huamua imeshindwa ilhali haikuonyeshwa kwa watu wa kutosha.

Ukitaka kubaki na mfuko mmoja, unaweza kuipa seti hiyo kiwango cha chini cha matumizi. Mfumo utalenga kukifikia bila kukuhakikishia. Kiweke kwa seti moja au mbili tu, kwani ukiibana kila seti kwa kiwango cha chini na cha juu, mfumo haubakiwi na fedha za kuhamisha.