"Mishale yote imeungana": dhana potofu kuhusu video za kuchagua njia

Wateja wangu hunitumia ramani ya mtiririko ya video ambayo mtazamaji huchagua kwa vitufe hadithi iende wapi, kila kisanduku kina mshale, na chini wameandika: "Tumehakiki, hakuna njia iliyoziba." Nimechoka kuisoma sentensi hiyo. Walichohakiki ni mchoro. Mshale kwenye karatasi uko pale saa zote, ilhali kitufe kwenye skrini hutokea pale tu sharti lake linapotimia.

Chukua video ya kufundisha mawakala wa pesa kwa simu. Jamaa anafika kibandani, anaonyesha ujumbe wa muamala kwenye simu yake na kudai apewe fedha. Mtazamaji ndiye wakala: alipe, au akague kwanza simu yake ya uwakala kama floti imeongezeka? Ramani ilikuwa hivi, S zikiwa sini, yaani vipande vya video, na M zikiwa miisho:

```
S1 -> S2 (lipa) | S3 (kagua)
S2 -> S4 (piga simu) | S5 (kimbiza)
S3 -> S4 (piga simu) | S6 (kataa)
S5 -> S2
S4 -> M1 | M2
S6 -> M3
```

Kwa macho, safi kabisa. Ila mwandishi alikuwa ameweka alama iitwayo `alikagua`, na kitufe cha kupiga simu huduma kwa wateja kilionekana tu kwa mwenye alama hiyo. Sasa mfuate aliyelipa. Ametoka S1 moja kwa moja hadi S2, hajapita S3, kwa hiyo alama hana. Kitufe cha simu hakitokei. Kinachobaki ni kumkimbiza tapeli. Anamkosa, anarudi S2, anamkimbiza tena. Atazunguka humo mpaka aifunge video, na ndiye hasa aliyehitaji somo.

Ndiyo maana nang'ang'ania jedwali. Kila sini iandikwe safu nyingi kadiri ya hali anazoweza kuwa nazo mtazamaji akifika hapo. S2 inapata safu mbili: amekagua, hajakagua. Kisha pita mara mbili. Mara ya kwanza anza S1 kwenda mbele ukitia tiki kila safu inayofikika. Sini ambayo safu zake zote zimekosa tiki ni yatima, utaipiga picha na hakuna atakayeiona. Mara ya pili anza kwenye miisho na urudi nyuma. Safu iliyopata tiki ya kwanza ikakosa ya pili ni mtego. Hapa "S2, amekagua" haifikiki na "S2, hajakagua" haina pa kutokea. Mchoro usingekuonyesha hata moja.

Dawa ilikuwa kuliondoa sharti kwenye kitufe cha S2. Kanuni yangu, ambayo wengine huiona ya kikoloni: kila mzunguko uwe na angalau mlango mmoja usio na sharti lolote. Sijali hadithi inasemaje.

Halafu kuna wanaoita mwisho mbaya njia iliyoziba. Hapana. Wakala aliyelipa akapata hasara, akaelezwa kosa lake na kupewa nafasi ya kuanza upya, amefika mwisho. Kuziba ni kukosa pa kwenda kabla hadithi haijafungwa.

Dhana nyingine ni kwamba kila chaguo lazima lifungue njia yake hadi mwisho, la sivyo tunamdanganya mtazamaji. Piga hesabu kabla ya kumwita mpiga picha. Chaguo nane za vitufe viwili viwili, bila njia kukutana, ni miisho 256 na sini 511. Kwa sekunde 40 kila moja, ni zaidi ya saa 5 na nusu za video, na mtazamaji mmoja anaona dakika 6 tu. Kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967, Wacheki walionyesha Kinoautomat, filamu ambayo watazamaji walipiga kura kwa vitufe. Njia mbili zilikuwa zikikutana tena kabla ya kura iliyofuata. Ukikutanisha njia, andika sini ya makutano kwa maneno yanayomfaa kila anayefika. S4 yetu inapokea aliyelipa na asiyelipa, kwa hiyo mhudumu hawezi kufungua kwa "pole kwa hasara".

La mwisho: "Mtazamaji atabonyeza tu." Wengi hawabonyezi. Mwenye programu maalumu ya kuchezea video aweke njia ya kufuatwa muda ukiisha. Kwa YouTube, kila sini inakuwa video yake, na vitufe vyako ni vya skrini ya mwisho: sekunde 5 hadi 20, visizidi vinne, na video iwe na angalau sekunde 25. Asipobonyeza, uchezaji otomatiki unaweza kumpeleka kwenye video ya mtu mwingine kabisa, basi mwigizaji aseme swali mapema na vitufe vikae sekunde zote 20. Ukitia alama kwamba video ni ya watoto, skrini ya mwisho haipatikani kabisa, na kila sini yako imeziba.