Shahidi mwaminifu asiye kosher

Katika kazi yangu ya kutafsiri, neno kosher hunijia mara nyingi pasipo na chakula chochote. Mwingereza anasema hesabu za kampuni fulani si kosher, na msomaji anayelijua neno hilo kama "halali ya Wayahudi" anadhani ni utani uliotokea jikoni.

Sivyo. Katika Biblia ya Kiebrania, neno hili halitumiki kabisa kwenye sheria za vyakula. Wanyama huko huitwa safi au najisi. Linaonekana katika Esta 8:5, malkia anapomwomba mfalme afute barua za Hamani ikiwa jambo hilo linafaa machoni pake. Kufaa, basi, ndiyo maana yake ya msingi. Baadaye marabi walilitumia kwa kila kitu kinachopaswa kutimiza masharti. Gombo la Torati likikosa hata herufi moja huitwa pasul, yaani halifai, na halisomwi kwenye ibada mpaka lirekebishwe. Wala hakuna anayekula gombo.

Uhusiano na uaminifu unaonekana vizuri kwa mashahidi. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, inawataja wasiofaa kutoa ushahidi: wacheza kamari, wakopeshaji kwa riba, wanaoshindanisha njiwa, na wanaochuuza mazao ya mwaka wa saba, ambao ardhi hupumzishwa. Rabi Yehuda anaweka sharti: mcheza kamari hukataliwa pale tu asipokuwa na kazi nyingine. Hapo mwenendo wa mtu ndio unaopimwa.

Lakini tazama ndoa ya Kiyahudi. Bwana harusi anampa bibi harusi pete mbele ya mashahidi wawili. Kaka wa bibi harusi, hata awe mtu asiyewahi kusema uongo, si kosher kwa ushahidi huo, kwa sababu ni ndugu wa karibu. Akiwa mmoja wa wale wawili waliochaguliwa, ndoa yenyewe inatiliwa shaka. Uaminifu wake hauna neno. Kilichokosekana ni sifa ya kisheria.

Kiingereza kililipokea neno kupitia Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, na mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwa limeshaingia mitaani kwa maana ya kitu halisi, cha kweli, kisicho na ujanja. Kiliacha kinyume chake, pasul, na pamoja nacho ile hukumu ya ndiyo au hapana. Gombo halina "kosher kidogo". Mwingereza anayo: anasema jambo "si kosher sana" akinusa harufu ya ulaghai bila ushahidi mkononi.

Kwa hiyo hesabu za ile kampuni huwa naandika kwamba "zina walakini". Nikiandika "ni za wizi" nimemsingizia mtu. Nikiandika "si halali" nimeshatoa hukumu ambayo msemaji mwenyewe aliikwepa. Yule kaka wa bibi harusi, naye, naandika tu kwamba hafai kuwa shahidi.