Sakafu ya hisa yako si bei iliyoandikwa kwenye mkataba

Tuchukue mtu mwenye hisa 100 za kampuni iliyoorodheshwa New York. Leo hisa moja ni dola 50. Hataki kuuza, ila miezi sita ijayo inamtia wasiwasi, kwa hiyo ananunua opsheni ya kuuza: haki ya kuuza hisa zake kwa dola 45 wakati wowote ndani ya miezi hiyo. Bei yake ni dola 2 kwa hisa. Kwa kawaida mkataba mmoja kule Marekani hubeba hisa 100, hivyo dola 200 zinatoka siku hiyohiyo na hazirudi.

Ukimwuliza sakafu yake iko wapi, atasema 45. Hapo ndipo wengi hukosea. Hisa ikianguka hadi 30 atauza kwa 45, lakini alishalipa 2, kwa hiyo mkononi anabaki na 43. Hasara yake ni dola 700, na haizidi hapo hata kampuni ikifilisika. Bila kinga angepoteza 2,000 kwa bei ile ya 30. Hisa ikipanda, faida yote ni yake, ila ni lazima ifike 52 ndipo arudishe gharama.

Wapo wanaosema agizo la kumwambia dalali auze bei ikigusa 45 linatosha, tena ni la bure. Halitoshi. Matokeo mabaya ya kampuni yakitangazwa usiku, soko linaweza kufunguka asubuhi hisa ikiwa 36, na agizo litauza kwa bei itakayokutwa, yaani karibu na 36. Opsheni bado inampa 45.

Dola 200 kila miezi sita zinauma. Ni asilimia 4 ya mali yake. Ndiyo maana wengine huvisha hisa ukosi: wananunua kinga ileile, kisha wanamuuzia mtu mwingine haki ya kununua hisa hizohizo kwa dola 58, na kupokea 1.50 kwa hisa. Gharama inashuka hadi senti 50, sakafu inapanda hadi 44.50. Lakini sasa kuna dari: 57.50. Hisa ikifika 70, atazitoa kwa 58, abaki na 57.50 baada ya gharama, na dola 1,250 zitampita.

Akishusha bei ya kununuliwa hadi 56, huenda akapokea dola 2 kamili, na dalali akauita ukosi wa bure. Mimi siuiti hivyo, kwa sababu amelipa kwa faida yote iliyo juu ya 56.

Kingine cha kuangalia ni tarehe ya gawio. Hisa ikiwa juu ya 58, aliyenunua haki ile anaweza kuitumia mapema, siku moja kabla hisa haijaanza kuuzwa bila gawio. Hapo hisa zinaondoka, na gawio linaondoka nazo.