Kutoa alama za Februari kwenye za Mei si kumlinganisha mtoto na mwenyewe

Juzi tumegawa ripoti za muhula. Mzazi mmoja, mvuvi kutoka Igombe, alifungua karatasi ya mwanawe, akapitisha macho juu ya kila nilichoandika, akauliza: "Mwalimu, amekuwa wa ngapi?" Wa 63 kati ya 78. Februari alikuwa wa 61. Baba akakunja karatasi, akasema mtoto anarudi nyuma.

Swali lake nalielewa, wazazi wote wanaliuliza. Kilichonisukuma kuandika ni jibu alilopewa na mwalimu mwenzangu aliyekuwa kando yetu: "Hapana, mzee, ameongezeka alama 9. Siku hizi tunamlinganisha mtoto na mwenyewe." Kisha akamwonyesha safu mpya kwenye ripoti, imeandikwa "Maendeleo", na ndani yake ni alama za Mei ukitoa za Februari. Nimeiona safu hiyo katika shule ya tatu sasa. Mtu anaiita upimaji wa kujilinganisha, anatembea kifua mbele, na watoto wanaambiwa mambo yasiyo ya kweli.

Mtihani wa Februari ulikuwa na maneno ya silabi mbili na sentensi fupi. Wa Mei ulikuwa na kifungu cha habari na maswali. Mtoto aliyepata 42 kwenye ule na 38 kwenye huu anaweza kuwa amepiga hatua kubwa, na aliyetoka 42 akafika 51 anaweza kuwa amekaa palepale, kwa sababu maswali matatu ya Mei yalikuwa ya kuchagua jibu na amebahatisha. Huwezi kumpima mtoto urefu kwa futi Februari, ukampima kwa kamba Mei, halafu ukatoa.

Kujilinganisha maana yake ni kazi ileile, kwa masharti yaleyale, ikisahihishwa kwa jicho lilelile, mara mbili. Jina la kitaalamu, ipsativu, limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya "mwenyewe", na mwanasaikolojia Raymond Cattell alilitumia mwaka 1944. Neno ni gumu, lakini ugumu wenyewe uko kwenye hayo maneno "ileile", "yaleyale" na "lilelile". Nitaeleza ninavyofanya kwa kusoma kwa sauti, darasa la tatu.

Mtoto anasoma kifungu asichowahi kukiona, kwa dakika moja. Mimi nina nakala na kalamu. Akiruka neno au akilisoma jingine, amekosa. Akikwama sekunde 3 namtajia, na hilo pia amekosa. Akikosea kisha akajisahihisha mwenyewe, amepata. Akirudia neno, sihesabu kosa, muda wake ndio umempotea. Mwisho nahesabu maneno aliyosoma sawasawa. Nafanya hivyo kwa vifungu vitatu na nachukua tokeo la katikati, maana kifungu kimoja peke yake kinadanganya: mtoto anayeishi ziwani akikutana na habari ya mtumbwi anateleza, akikutana na habari ya treni anajikwaa.

Hapa sasa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua vifungu viwili vyenye maneno 60 kila kimoja na kusema vinalingana. Kwa Kiswahili hilo halitoshi kabisa. "Juma alikula wali" ni maneno matatu, silabi 8. "Hawakutusaidia kuwatafutia wenzao" nayo ni maneno matatu, lakini silabi zake ni 17. Mtoto anayeunganisha silabi kwa kidole atamaliza ya kwanza kabla hujakohoa, na ya pili itamla zaidi ya nusu ya dakika. Kwa hiyo vifungu vyangu vyote navihesabu silabi kwanza, nikaviweka karibu karibu, na ndiyo sababu siwezi kuvumilia mtu anayeleta jedwali la kasi ya kusoma Kiingereza na kulibandika kwenye ukuta wa darasa letu. Sentensi nzima ya Kiingereza sisi tunaibeba kwa neno moja.

Halafu kuna r na l. Watoto wangu wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma, na "barabara" inatoka "balabala", "rafiki" inatoka "lafiki". Ni kosa la kusoma? Mimi naamua si kosa: mtoto ameliona neno, amelitambua, ameelewa, ulimi wake ndio unatamka hivyo. Mwalimu mwingine anaweza kuamua ni kosa, na sitagombana naye. Nitakachogombania ni kuamua mara moja na kuandika uamuzi huo juu ya karatasi. Mwaka jana tulisaidiana wawili. Mwenzangu alisahihisha Februari na kila "balabala" akaipiga mstari, mimi nikasahihisha Mei na kuziacha. Kifungu kilikuwa na maneno sita ya r. Watoto kadhaa "wakapanda" maneno matano au sita bila kujifunza herufi hata moja, na tukawapongeza. Niligundua wakati napanga karatasi zote mbili juu ya meza moja. Tangu hapo zote nazisahihisha mimi.

Masharti nayo. Mtoto asomee mbali na wenzake, kwa sababu wanaosubiri kwenye foleni wanasikia, na wa kumi anakuja ameshakariri sentensi ya kwanza. Mimi natumia kivuli cha mwembe nyuma ya stoo. Napima watoto 5 kwa siku wakati wa mapumziko, hivyo darasa la 78 linanichukua siku 16 za masomo. Mei naanza na yule yule niliyeanza naye Februari na kufuata orodha ileile, la sivyo mmoja atapewa wiki 11 za kujifunza na mwingine 15.

Na mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Kipindi hicho watoto wa mialoni wanaamka alfajiri kusaidia kuanika, na saa nne asubuhi wanasinzia mbele ya kitabu. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inatulia na watoto wanalala. Nikimpima mtoto gizani Februari na mwangani Mei, nimepima usingizi wake. Kwa hiyo naacha takriban siku 90 kati ya vipimo, karibu miezi mitatu ya mwandamo, ili kila mtoto arudi kwangu katika hali ileile ya mwezi. Sikulisoma hili popote. Nilifundishwa na mtoto aliyelala amesimama.

Sasa huyo mtoto wa Igombe. Februari vifungu vitatu vilimpa 11, 14 na 17. Mei vikampa 33, 37 na 40. La katikati limetoka 14 likafika 37. Angalia pia kwamba tokeo lake baya kuliko yote la Mei liko juu mbali ya tokeo lake zuri la Februari. Hapo ndipo nasema kwa moyo mweupe kwamba amepiga hatua. Namba za Februari na Mei zikiingiliana, nanyamaza.

Nafasi yake je? Nafasi ziko 78, hazizidi. Mtu akipanda, lazima mwingine ashuke, hata kama wote wamejifunza. Kule chini watoto wamesongamana, alama 2 zinatenganisha nafasi 9. Wenzake walipiga hatua pia, wawili wakampita, na safu ya nafasi ikaficha mtoto aliyeongeza zaidi ya mara mbili.

Upande wa pili yupo binti aliyekuwa wa 2 mara zote. Kusoma kwake Februari ni 86, 91 na 94, Mei ni 88, 93 na 96. Namba zimeingiliana, na wala sina shida nazo, kasi hiyo inamtosha, kuendelea kumhesabia maneno ni kupoteza mapumziko yake. Niliweka insha zake mbili kando kwa kando. Ya Februari ilianza sentensi 11 kwa "halafu". Ya Mei, urefu uleule, 10. Halafu tukaenda, halafu tukala, halafu tukarudi. Hakuna aliyeliona, kwa sababu wa 2 ni wa 2. Mama yake alikuwa wa kwanza kushangaa nilipomwita.

Mniruhusu niseme pia ambapo njia hii inanipa mashaka. Nikichagua watoto 10 waliofanya vibaya kuliko wote siku moja, nikawapima tena, wengine watapanda hata nikikaa kimya, kwa sababu siku ile walikuwa na siku mbaya. Vifungu vitatu vinapunguza tatizo hilo, haviliondoi. Na kutoka 14 kufika 37 ni rahisi kuliko kutoka 80 kufika 103, kwa hiyo kushindanisha watoto kwa ukubwa wa hatua zao ni kurudisha nafasi kwa mlango wa nyuma. Nimeona shule ikitoa zawadi kwa "aliyepanda zaidi". Kwa wakubwa wa darasa la saba naogopa jambo jingine: mtoto mwerevu ataharibu kipimo cha kwanza makusudi.

Kupanga kwa nafasi kuna mahali pake: viti vikiwa vichache na waombaji wengi, lazima mtu apange. Lakini Januari 2023 hata Baraza la Mitihani lilipotoa matokeo ya kidato cha nne liliacha kutangaza kumi bora. Mtoto wa darasa la tatu hagombei kiti na yeyote.

Kipo kitu ambacho kujilinganisha hakiwezi kusema: kama hatua inatosha. Mtoto anaweza kujipita kila muhula na bado ashindwe kusoma karatasi ya mtihani wa darasa la nne. Kwa hilo nahitaji mstari ulio nje yake, na mimi natumia maneno 50 kwa dakika, lengo lililowekwa kwa darasa la pili nchini. Huyu wa Igombe yuko darasa la tatu na bado yuko chini yake. Nilimwambia baba yake hivyo hivyo, sikumfunika.

Nilimwonyesha karatasi mbili. Ya Februari nilikuwa nimepiga mistari mpaka haisomeki, na alama ya mahali alipoishia iko mstari wa pili. Ya Mei alama iko mstari wa sita. Baba hakuuliza tena nafasi. Aliweka kidole kwenye alama ya Februari, akakishusha polepole hadi ya Mei, akauliza: "Na hiyo hamsini ataifikia lini, mwalimu?"

Nilimjibu kwamba akienda kwa mwendo huu ni kama wiki saba au nane za masomo, na kwamba mwendo huu mara nyingi unapungua kadiri maneno yanavyorefuka. Nikamwomba kipindi cha giza kijacho amwache mtoto alale asubuhi tatu kati ya tano. Akasema mbili.