Lupu dhidi ya mpira uliokatwa

Katika tenisi ya meza, lupu ni pigo ambalo raketi inapanda kutoka chini kwenda juu na kuuparaza mpira, nao unaondoka ukijiviringisha kwenda mbele. Inahitajika zaidi dhidi ya mpira uliokatwa, yaani ule unaokuja ukizunguka kinyumenyume.

Upande wa mpira huo unaokutazama wewe unakuwa unapanda. Ukiukingia raketi wima bila kuisogeza, raba inaushika upande huo na mpira unatupwa chini, wavuni. Lupu haipingani na mzunguko huo. Inaufukuzia na kuupita. Chukua mpira wa milimita 40 unaozunguka mara 40 kwa sekunde. Mzingo wake ni kama sentimita 12.6, hivyo uso wake unakwenda takribani mita 5 kwa sekunde. Raketi inayopanda kwa mita 3 kwa sekunde bado itautupa chini. Inayopanda kwa mita 8 inaupita, na kinachozidi ndicho kinachouongezea mpira mzunguko.

Kwa mkono wa mbele, anayetumia mkono wa kulia apinde magoti, aulemee mguu wa kulia na kuteremsha raketi hadi karibu na goti. Uso wa raketi uwe karibu wima. Mpira uliokatwa hupunguza mwendo ukishadunda, kwa hiyo usiufuate. Usubiri ufike kileleni au uanze kushuka kidogo. Hapo miguu inanyooka, kiuno kinageuka, kigasha kinafuata, na raketi inaishia usawa wa paji la uso.

Kifundo cha mkono ndicho cha mwisho katika mnyororo huo. Kiache kilegee, ncha ya raketi ining'inie chini, kisha kifyatuke juu pale raba inapogusa mpira. Kikifyatuka mapema, kasi yake inaisha kabla ya kugusa, na mara nyingi mpira unapigwa na ukingo wa raketi. Kishiko kilichobanwa kwa nguvu hukifunga kifundo kisifyatuke kabisa.

Sikiliza mlio. Mparazo mwembamba hutoa sauti ndogo ya mkwaruzo, lakini ukisikia “ta!” ya ubao, umeusukuma mpira badala ya kuuparaza. Mpira ukigonga wavu, aghalabu mkono umekwenda mbele kuliko juu. Usikimbilie kuufungua uso wa raketi, yaani kuulaza utazame juu, bali anzia chini zaidi. Ukipita ukingo wa mbali wa meza, uso umefunguka mno au mguso umekuwa mzito. Kama umepanda sawasawa na mpira bado unateleza, kagua raba: yenye vumbi au iliyochakaa haishiki.

Mpira mfupi, ambao ungedunda mara ya pili juu ya meza, hauachi nafasi ya kuteremsha raketi hivyo. Lupu hii ni ya mpira unaovuka ukingo wa meza upande wako.