Je, wajua picha ya friji inaweza kumpeleka mtu hadi getini kwako?

"Nikiposti picha niliyopiga sebuleni bila kuandika niko wapi, mtu anaweza kujua naishi wapi? Na hizo taarifa naziondoaje?"

Inategemea picha imepita njia gani. Instagram, Facebook na X wakipokea picha yako wanaibana upya, na kwenye kuibana huko maandishi yaliyojificha ndani ya faili, yakiwemo ya mahali ulipopigia, yanakatwa, kwahiyo anayeiona au kuidaunlodi hapati kitu (kampuni yenyewe inaweza kuwa imeshayasoma kabla ya kukata, hilo ni suala jingine). WhatsApp nayo ukituma kama picha ya kawaida, hivohivo. Shida inaanza pale faili linapotoka kwenye simu yako likiwa zima kama lilivyo: ukituma WhatsApp kwa njia ya Document, Telegram kwa njia ya File, imeili, Bluetooth, linki ya Google Drive. Hapo kila kitu kinaenda.

Sasa chukua dada mmoja yuko Ilazo hapa Dodoma anauza friji la mtumba. Kaposti Instagram, salama kabisa. Anakuja mteja inboksi anasema dada hii picha imefubaa, sioni kama mlango una mkwaruzo, nitumie orijino WhatsApp. Dada naye anataka biashara, anabonyeza kile kipini cha kuambatisha, anachagua Document, anatuma faili la MB 4 badala ya lile la KB mia na kitu. Mteja anaona mkwaruzo vizuri. Ila akitaka anaona na vingine, maana kamera ya simu kila ikipiga picha inaandika kijikaratasi kinaitwa EXIF na kukiweka mwanzoni mwa faili, kabla hata picha yenyewe haijaanza. Huo mfumo ulitengenezwa Japani miaka ya 1990 kwa ajili ya kamera za dijitali, ili mpigapicha akumbuke alitumia mwanga gani na lenzi ipi. GPS ikaja kuongezewa humo, na simu janja zilipoingia sokoni zikabeba vyote.

Mteja akilifungua kwenye kompyuta ataona aina ya simu, tarehe na saa mpaka sekunde, alafu atakutana na kitu kama hiki (nimeweka namba za katikati ya mji, sio za nyumba ya mtu):

```
GPS Latitude  : 6 deg 10' 23.00" S
GPS Longitude : 35 deg 44' 31.00" E
```

Ukizigeuza kuwa desimali, 10 unagawa kwa 60, 23 unagawa kwa 3600, unajumlisha na ile 6, unapata 6.17306. Ya pili inakuwa 35.74194. Unaandika Google Maps -6.17306, 35.74194 na pini inadondoka Dodoma mjini. Hiyo alama ya kutoa mbele ni ya kusini mwa ikweta, ukiisahau ramani inakupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia. Sasa sekunde moja ya hizo ni kama mita 31 ardhini, na simu huwa inaandika mpaka vipande vya sekunde, kwahiyo ukiwa umepigia uani juu ni wazi, kosa linaweza kuwa mita chache tu, yaani nyumba yako au ya jirani. Ndani ya nyumba yenye bati GPS inahangaika, simu inakisia kwa kutumia Wi-Fi na minara, wakati mwingine inakuweka mtaa wa pili. Bahati hiyo mimi siitegemei.

Kujua kama picha zako zina hayo mambo ni rahisi. Fungua picha kwenye Google Photos, ipandishe juu kwa kidole, ukiona karamani kenye pini chini yake basi imo. Kwenye iPhone ni hivohivo ndani ya Photos. Ila angalia picha uliyopiga wewe na kamera ya simu, usiangalie uliyotumiwa WhatsApp maana hiyo imeshakatwa tayari na itakudanganya kwamba uko salama.

Cha kufanya kwanza ni kuzuia isiandikwe. Samsung ingia kwenye setingi za kamera, kuna sehemu inaitwa Location tags, zima. Simu nyingine za Android jina linabadilikabadilika ila linakaa humohumo kwenye setingi za kamera. iPhone ni Settings, Privacy & Security, Location Services, Camera, alafu Never. Hiyo inaponya picha za kuanzia leo, za mwaka jana bado zina kila kitu. Za zamani kwenye iPhone ukibonyeza kushea, juu pana neno Options, zima Location kabla ya kutuma. Kwenye kompyuta ya Windows unabonyeza picha kwa kitufe cha kulia, Properties, Details, chini kabisa pana Remove Properties and Personal Information, inakutengenezea kopi safi.

Mwenye picha nyingi, mfano dalali wa viwanja au mpiga picha za harusi, atumie programu ya bure inaitwa ExifTool:

```
exiftool -gps:all= friji.jpg
```

Hiyo inatoa GPS tu. Ukiandika `-all=` inatoa karibu vyote, na hapo watu wanashangaa picha iliyokuwa imesimama inalala ubavu, kwa sababu hata ile taarifa ya "nigeuze hivi" ilikuwa humohumo kwenye EXIF. Kutunza huo mgeuko:

```
exiftool -all= -tagsfromfile @ -orientation friji.jpg
```

Itakuachia pia faili lingine limeandikwa friji.jpg_original, hilo ndilo lenye uchafu wote, angalia usije ukatuma hilo. Wenye kamera kubwa wafute vyote, sio GPS peke yake, maana nyingi zinaandika namba ya kiwandani ya kamera, yaani serial number, kwenye kila picha, kwahiyo picha ya akaunti yako ya kazi na ile ya akaunti usiyotaka ijulikane zinaweza kuunganishwa kwa namba hiyo moja. Na asiye na kompyuta apige skrinshoti ya picha atume hiyo. Ubora unashuka kidogo, ila haibebi GPS ya picha ya mwanzo.

Ukishafuta, fungua ile kopi mpya uhakikishe, hasa kama umetumia apu za kukata picha. Ndani ya EXIF kuna pia kapicha kadogo ka kuoneshea, na apu nyingine zikikata picha kubwa zinasahau kukata hako kadogo, kwahiyo ulichokikata pembeni bado kimo humo.

Alafu kuna vinavyoonekana kwa macho, na hivyo ExifTool haivigusi. Tangu kampeni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba ukutani na nguzo yenye jina la mtaa pale kona, na dada wa Ilazo akipigia friji barazani kibao kinaingia kwenye picha bila yeye kujua. Kitoe kwa kukata picha. Kukipaka kwa ile kalamu ya rangi nyepesi ya kwenye simu hakusaidii, mtu anaongeza mwanga tu na namba inasomeka chini ya rangi.