Ukoko Mweupe Juu ya Udongo wa Ndoo: Jinsi ya Kuosha Mbolea Iliyozidi

Wengi wanaolima mboga kwenye ndoo hutuletea mmea ulionyauka wakiamini umekosa maji. Tukichomeka kidole kwenye udongo, tunakuta umelowa. Kingo na ncha za majani zimekauka na kuwa za kahawia, lakini katikati bado ni kijani. Juu ya udongo pana ukoko mweupe, mgumu, unaomeguka ukiukwangua kwa ukucha. Ungekuwa utando laini kama pamba, tungesema ni ukungu tu. Huu ni chumvi ya mbolea.

Mbolea za chumvichumvi kama NPK na CAN huyeyuka katika maji ya udongoni. Chumvi ikiwa nyingi mno, mizizi hushindwa kufyonza maji hata kama yapo tele. Maji ya juu yakikauka, chumvi hubaki pale pale na kujenga ukoko. Shambani mvua huishusha chini na kuitawanya. Ndani ya ndoo haina pa kwenda.

Chukulia mche wa pilipili hoho kwenye ndoo ya lita 10, unaowekewa kijiko cha chakula cha NPK kila wiki. Kwanza acha mbolea. Kwangua ukoko pamoja na udongo kidogo wa juu, usizidi nusu sentimita ili usikate mizizi. Hakikisha matundu ya chini yako wazi, kisha inua ndoo juu ya matofali mawili. Maji yanayohitajika ni mara mbili ya ujazo wa ndoo, yaani dumu moja la lita 20. Mimina polepole, ukingoje maji yatoke chini kabla ya kuongeza. Ukimwaga yote kwa mkupuo yatapita pembeni na kuiacha chumvi katikati. Maji ya mvua ndiyo bora. Ya kisima chenye chumvi yataongeza tatizo.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuacha sahani chini ya chungu. Maji yaliyotoka yamebeba chumvi, na udongo utayafyonza tena. Yamwage.

Baada ya hapo weka mmea kivulini siku chache na usimwagilie hadi udongo wa juu ukauke. Majani yaliyoungua hayatarudi kuwa kijani, hivyo angalia yanayochipua: yakitoka bila kingo za kahawia, mizizi imepona. Hapo ndipo urudishe mbolea, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko, kwenye udongo uliokwisha kumwagiliwa.

Mmea ukiendelea kunyauka, uchomoe utazame mizizi. Ikiwa mingine bado ni myeupe na migumu, kata iliyooza na upande upya kwenye udongo mpya. Ikiwa yote ni ya kahawia na inateleza, hakuna cha kuokoa. Tupa udongo ule pia, usiupandie mche mwingine.